Kabla Mzigo Haujafika Rafuni

Ndugu wasimamizi wa maghala, watunza stoo, wakaguzi wa ubora, na ninyi waendesha forklifti ambao mara nyingi hamwalikwi kwenye vikao vya namna hii ingawa kazi yenyewe iko mikononi mwenu: nawashukuru kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie upokeaji wa mali na upangaji wake ghalani. Somo ni refu, na nikilizungusha lote tutatoka hapa na maneno mengi bila kitu cha kufanyia kazi. Kwa hiyo nitachukua mzigo mmoja tu, tuufuate tangu lori linaposimama mlangoni hadi kila kipande kijulikane kilipo na hali yake. Ninaamini kwamba ushahidi wote kuhusu mzigo unapatikana katika kipande kifupi cha njia, baina ya mlango na rafu. Hapo bado unajua paleti hii ilishuka kutoka lori gani, ilifungwaje, na nani aliileta. Ikishapanda rafuni na kuchanganyika na wenzake, ushahidi huo haupo tena, na hakuna mkutano wala barua itakayoufufua.

Mzigo wetu ni betri: betri za risasi na asidi zilizofungwa, za volti 12 na ampea-saa 100, kila moja kwenye katoni yake. Moja ina uzito wa kilo 30 hivi. Oda ya ununuzi inasema 600. Delivari noti aliyokuja nayo dereva inasema 600. Paleti ni 20, zenye betri 30 kila moja, zimefungwa kwa nailoni na kufunikwa boksi la karatasi juu.

Kabla mlango wa lori haujafunguliwa, kuna jambo la dakika mbili ambalo wengi huliruka. Soma namba ya sili, ilinganishe na iliyoandikwa kwenye hati, uipige picha ikiwa bado imefungwa. Sili ikishakatwa, picha ya sili iliyokatwa haimthibitishii mtu yeyote kitu chochote.

Sasa kuhesabu. Mtu anayehesabu asipewe karatasi yenye idadi. Apewe majina ya bidhaa na namba zake, na safu ya idadi iwe tupu. Najua hili linaonekana kama kutomwamini mtu, lakini halihusiani na uaminifu. Mtu aliyekwisha kuona 600 huhesabu paleti 20, akazidisha kwa 30, akaandika 600. Hajadanganya, ila hakuhesabu betri. Amehesabu paleti tu. Asiyejua idadi analazimika kuangalia ndani ya kila paleti.

Kwa mzigo mzito wa kipande kimoja kwa katoni, mizani husaidia sana. Paleti ya betri 30 ina kilo 900 za betri, ukiondoa uzito wa mbao. Ikiwa forklifti yenu ina mizani, au mna mizani ya sakafuni, pimeni kila paleti inaposhuka. Kwenye mzigo wetu, paleti 19 zilikaribiana uzito. Paleti ya 14 ilipungua kwa kilo 60 hivi. Walipoondoa boksi la juu wakakuta safu ya juu ina nafasi mbili tupu katikati, haionekani kutoka pembeni hata kidogo. Idadi halisi ikawa 598.

Papo hapo yakaonekana mengine mawili. Kwenye paleti ya 7, katoni nne zilikuwa zimepondwa pembeni, kwa alama ya uma wa forklifti. Na paleti ya 19 ilikuwa na tarehe ya kutengenezwa iliyotangulia zile nyingine kwa miezi 11. Hili la tatu halionekani kama kasoro. Betri zimetimia 30, katoni safi, jina la bidhaa ni lilelile. Ndiyo maana hupita kwenye maghala mengi bila kuguswa, nami nitalirudia.

Dereva bado amesimama, anataka sahihi aondoke. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Watu wengi huandika kwenye hati "mzigo umepokelewa, utahakikiwa baadaye" wakidhani wamejikinga. Maneno hayo hayana nguvu kwa sababu hayasemi kilichoharibika wala kilichopungua. Andika kilichopo, kwa mfano: "Paleti ya 14 pungufu betri 2. Paleti ya 7 katoni 4 zimepondwa. Yaliyomo ndani ya katoni hayajakaguliwa." Dereva atie sahihi chini ya maneno hayo, nakala moja ibaki kwako. Akikataa kusaini, andika kwamba amekataa, weka saa, na shahidi asaini.

Sababu ya haraka hii iko kwenye sheria za uchukuzi. Kwa mizigo ya barabarani inayovuka mipaka chini ya mkataba wa CMR wa 1956, uharibifu unaoonekana kwa macho unatakiwa kutajwa wakati wa kukabidhiwa, na usioonekana utajwe kwa maandishi ndani ya siku 7, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Kwa bahari, kanuni za Hague-Visby zinatoa siku 3 kwa uharibifu usioonekana. Kwa mizigo ya ndege, mkataba wa Montreal wa 1999 unatoa siku 14 kwa uharibifu. Katika barabara na bahari, ukikaa kimya huchukuliwa kwamba mzigo ulifika kama hati inavyosema, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unakuwa wako. Katika ndege ni kali zaidi: muda ukipita bila malalamiko, haki ya kumshtaki mchukuzi inapotea, isipokuwa pawe na ulaghai upande wake. Mikataba ya ndani ya nchi na ile ya kibiashara ina muda wake, na kila ghala linapaswa kuujua wa kwake na kuubandika ukutani mahali pa kupokelea. Nimeona madai halali kabisa yakikataliwa kwa sababu katoni zilifunguliwa wiki ya tatu.

Lori limeondoka. Sasa inaandikwa ripoti ya tofauti, na iandikwe siku hiyohiyo na mtu aliyehesabu mwenyewe. Ripoti nzuri inaeleza kilichoonekana, haimtafuti mwenye kosa. "Msambazaji ametuibia betri mbili" ni hukumu, tena huenda ni ya uongo. "Paleti ya 14, safu ya juu, nafasi mbili za katikati tupu, nailoni ya kiwandani haikuwa imechanika, sili ya lori namba fulani ilikuwa nzima" ni taarifa, na ndani yake kuna jibu: ikiwa sili ni nzima na nailoni ni nzima, upungufu ulitokea wakati wa kufunga paleti na si njiani. Mchukuzi hahusiki. Mwandishi wa ripoti hakuhitaji kusema hivyo. Ameacha vitu viseme.

Jifunzeni pia kuzisoma tofauti zenyewe, maana kila moja ina sura yake. Upungufu ulio sawasawa na safu nzima ya paleti mara nyingi ni kosa la kupanga au la kuhesabu, si wizi. Idadi iliyo mara 10 au mara 12 ya oda huwa ni mkanganyiko wa kipimo: mmoja ameandika katoni, mwingine ameandika vipande. Na bidhaa moja ikipungua kwa 24 huku jirani yake ikizidi kwa 24, usiandike ripoti mbili. Hicho ni kitu kimoja kilichobandikwa lebo ya mwenzake, na ukikirekebisha kwenye kompyuta bila kwenda kuzitazama katoni, utatuma kwa wateja 24 wa kwanza kitu ambacho hawakukiagiza.

Kwenye hati ya mapokezi iandikwe 598. Nasema hivi kwa sababu shinikizo la kuandika 600 huwa kubwa. Msambazaji anapiga simu, anaahidi kuleta mbili kesho, mhasibu anataka hati ifanane na ankara ili malipo yaende. Ile mbili ikija kesho, itakuja na hati yake na itapokelewa kwa siku yake. Malipo hulinganishwa kwa karatasi tatu, yaani oda, hati ya mapokezi na ankara, na kati ya hizo tatu ni moja tu iliyoandikwa na mtu aliyeshika mali. Ukiipinda hiyo, ulinganisho wote unageuka kunakili. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari; daftari lenye idadi ya kubuni hupoteza mali vilevile, tena huku likionyesha kwamba ipo.

Tuingie kwenye ukaguzi wa ubora. Betri 598 zimo ndani ya jengo, lakini bado si stoku. Kwanza zigawanywe kwa tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu sampuli inazungumza kwa niaba ya kundi lake tu. Tukiondoa 4 zilizopondwa na 30 za tarehe ya zamani, zinabaki 564 za kundi moja. Kiwango cha ISO 2859-1, kwa ukaguzi wa kawaida wa ngazi ya pili, kinasema kundi la vipande 501 hadi 1,200 hutolewa sampuli ya 80. Tukikubaliana kikomo cha ubora cha asilimia 1, kundi linapita likiwa na mbovu 2 au chini ya hapo, na linakataliwa zikifika 3.

Hizo 80 zitoke wapi? Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mkaguzi aliyechoka huchukua 80 kutoka paleti tatu zilizo karibu na mlango, safu ya juu. Hiyo si sampuli ya mzigo, ni sampuli ya paleti tatu. Kundi letu lilikuwa kwenye paleti 19 zilizobaki, kwa hiyo walichukua nne kutoka kila paleti, zikawa 76, na nne za nyongeza kutoka paleti walizozichagua kwa kura. Na angalau moja ya kila nne ilitoka safu ya chini, ambako uzito unakandamiza.

Kipimo chenyewe ni rahisi: mita ya umeme kwenye vichwa viwili vya betri. Betri ya aina hii ikiwa imejaa na imepumzika husoma karibu volti 12.8. Ikisoma 12.4 au chini imepoteza robo ya chaji au zaidi, na mkataba wa ununuzi wa mzigo huu ulisema chini ya 12.5 ni mbovu. Katika 80, moja ilisoma 12.3. Kundi limepita, na ile moja ikatengwa.

Niseme na mipaka ya jambo hili, kwa sababu watu huipa sampuli imani kuliko inavyostahili. Kundi lenye asilimia 5 ya mbovu bado lina nafasi kama moja kati ya nne au tano ya kupita kwenye mpango huu. Sampuli inakulinda dhidi ya kundi lililoharibika sana, haikuhakikishii kila kipande. Kwa bidhaa ambayo kipande kimoja kibovu kinaweza kuumiza mtu, pimeni vyote au wekeni kikomo kikali zaidi.

Zile 30 za paleti ya 19 zilipimwa zote. Kwa idadi ndogo hivyo, na kwa shaka tuliyokuwa nayo tayari, sampuli ni kujinyima taarifa. Zilizo chini ya 12.5 zilikuwa 19, na ya chini kabisa ilisoma 11.9.

Sasa tuna betri 35 za kuzuia: 30 za tarehe ya zamani, 4 zilizopondwa, na ile 1 ya kwenye sampuli. Zilizobaki 563 zinaruhusiwa kupanda rafuni.

Zuio la ubora lina sehemu mbili, na lazima zote mbili zitokee saa ileile. Ya kwanza ni ya mwili: mali inaondolewa sakafuni na kuwekwa mahali palipofungwa au palipozungushiwa alama, ambapo mtu anayekusanya oda hapiti. Ya pili ni ya kwenye mfumo: hali ya mali inabadilishwa isiweze kugawiwa kwa oda yoyote, na eneo lake linasomeka kwa jina lake, tuseme `ZUIO-01`.

Ukiweka kadi nyekundu kwenye paleti lakini mfumo unaonyesha 598 zinapatikana, mauzo watauza 598. Siku ya kupakia, mkusanyaji atasimama mbele ya rafu tupu akiwa na oda ya betri 10 na lori linamsubiri, na anajua kuna 35 kwenye kona. Usimlaumu akizichukua; kompyuta imemwambia ni zake. Na ukizuia kwenye mfumo peke yake huku paleti ikikaa jirani na nzima, ataichukua kwa kukosea. Katika dawa, mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa usambazaji wa 2013 unaruhusu utengaji wa kompyuta pekee iwapo imethibitishwa kwamba una usalama uleule, lakini bidhaa bandia, zilizokwisha muda, zilizoondolewa sokoni na zilizokataliwa lazima zitengwe kwa mwili. Naona hiyo ni busara hata kwa asiyeuza dawa.

Kadi ya zuio iseme bidhaa, idadi, namba ya kundi, sababu kwa maneno ya kueleweka, aliyezuia, atakayeamua, na tarehe ya mwisho ya kuamua. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokosekana karibu kila ghala ninalotembelea. Kadi imeandikwa "mbovu", haina mwenyewe, ina vumbi. Kwa betri, kusubiri ni kuharibu: betri iliyoshuka chaji ikikaa hivyo, salfeti inagandamana kwenye bamba za risasi na uwezo wake haurudi wote, na joto linaongeza kasi ya kujimaliza. Zuio la miezi mitatu linaweza kuua betri ambayo ingepona kwa chaji ya siku moja. Kila asubuhi msimamizi atoe orodha ya mali iliyozuiliwa, ya zamani kabisa juu, na amuulize mwenye kuamua kuhusu ile ya juu.

Anayeachilia asiwe yule anayebanwa na oda. Msimamizi wa usafirishaji ana kila sababu ya kuona betri 12.4 kuwa "inatosha". Mtu wa ubora aamue, kwa maandishi, na mtunza stoo abadilishe hali kwenye mfumo akiwa ameshika maandishi hayo.

Tunapanga zile 563. Kila paleti inabandikwa lebo kabla haijaondoka eneo la kupokelea, kamwe si baada ya hapo. Mwendesha forklifti anasoma lebo ya paleti kwa skana, anaipeleka, anasoma lebo ya eneo akiwa amesimama mbele yake. Anayeweka kwanza na kuja kuripoti ofisini kwa kumbukumbu ataripoti vizuri paleti nne za kwanza. Paleti ya kilo 900 ikae ngazi ya chini, na kabla ya kuweka mbili kwenye jozi moja ya mihimili, isomwe namba ya uzito iliyobandikwa kwenye raki, maana hapo panahitajika kilo 1,800 za betri pamoja na mbao zake. Zile zilizobaki kwenye paleti za 7 na 14 zisiongezwe juu ya paleti nyingine ili "kusawazisha". Kila paleti ibaki na utambulisho wake.

Nilisema nitairudia paleti ya 19. Mifumo mingi huitoa mali kwa kufuata tarehe ya kupokelewa. Betri hizi 30 zimepokelewa leo, kwa hiyo mfumo ungezihesabu sawa na zile mpya, ilhali zimekaa miezi 11 zaidi. Zingepanda rafuni pamoja na wenzake, zingekaa mwaka mwingine, na malalamiko ya wateja yangekuja yakiwa yametawanyika, moja huku na moja kule, bila mtu kuona kwamba yote ni ya paleti moja. Kwa mali yoyote inayozeeka, tarehe ya kutengenezwa au ya mwisho wa matumizi iingizwe wakati wa kupokea, na mfumo upangwe kutoa kwa tarehe hiyo. Ukiwa hauwezi, ziwekeni eneo lake na kadi yake.

Mwisho wa zile 35 ulikuwa hivi. Katoni nne zilizopondwa zilifunguliwa kwa glovu, juu ya sinia ya plastiki inayohimili asidi. Tatu zilikuwa nzima na zilisoma vizuri, zikawekwa kwenye katoni mpya. Ya nne ilikuwa na ufa kwenye kona, ikarudishwa. Ile moja ya sampuli nayo ikarudi. Zile 30 za zamani zilichajiwa na kupimwa uwezo kwa mzigo wa umeme, msambazaji akiwa amekubali kwa maandishi: 22 zilifikia uwezo wa mkataba, 8 hazikufika. Hizo 22 zilipewa lebo yenye tarehe ya chaji mpya pamoja na ile ya kutengenezwa, zikawekwa eneo lake, zitoke kwanza.

Kwa hiyo stoku ikawa 588, zilizorudi zikawa 10, na ambazo hazikufika kamwe ni 2. Dai lililokwenda kwa msambazaji lilikuwa la betri 12, likiwa na delivari noti iliyosainiwa na dereva, picha ya sili, uzito wa paleti ya 14, na usomaji wa mita wa kila betri iliyorudi.